Kutoka Maneno ya Msibani Hadi Kadi ya Arobaini

Siku ya mazishi watu husema mengi. Mtoto wa kwanza husoma wasifu, mwakilishi wa kazini hutoa salamu za rambirambi, jirani hupewa dakika tatu akatumia sita, na msemaji wa ukoo hushukuru kwa niaba ya wafiwa. Simu ya mjukuu mmoja hurekodi yote. Majuma machache baadaye, familia ikijiandaa kwa arobaini au kwa ibada ya shukrani, mtu mmoja anayeaminika kwa kalamu hukabidhiwa rekodi ile na kuambiwa: “Hebu tutengenezee maneno ya kuweka kwenye kadi.”

Makala haya yanamhusu mtu huyo. Kazi aliyopewa ni tofauti na kuandika wasifu. Wasifu huandikwa kabla ya mazishi, mara nyingi usiku wa mkesha, nao hufuata mpangilio unaojulikana: kuzaliwa, kubatizwa, elimu, ndoa, kazi, ugonjwa, kifo. Kadi ya arobaini hubeba jambo ambalo halikuwapo wakati wasifu unaandikwa, yaani yale ambayo watu walisimama wakayasema. Hapo ndipo thamani yake ilipo. Kadi inayorudia wasifu imewapa waombolezaji kitu walichokwisha kusikia.

Anza kwa kujua nafasi uliyo nayo. Kadi iliyozoeleka ni karatasi ngumu ya ukubwa wa A5 iliyokunjwa katikati, ikatoa kurasa nne za ukubwa wa A6, kila moja milimita 105 kwa 148. Ukurasa wa mbele una picha, jina na miaka. Wa mwisho huwa na sala au jina la familia. Katikati hubaki kurasa mbili, mmoja wa shukrani na mmoja wa kumbukumbu. Ukiacha pembezoni za kutosha na kutumia herufi za ukubwa wa 11, ukurasa mmoja wa A6 huingia maneno 130 hadi 150. Usikubali kupunguza herufi ziwe 8 ili maneno yaongezeke. Wengi watakaoipokea kadi hiyo ni wazee, na kadi isiyosomeka bila kuazima miwani huishia kabatini.

Sasa tazama upande wa pili wa mizani. Nitatumia mfano wa kutunga, kwa sababu msiba wa mtu si wa kuanikwa gazetini, lakini mambo yaliyomo ni yale yanayotokea. Marehemu ni mama, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Kilimanjaro. Ukiacha mahubiri, walizungumza watu sita: mwanawe wa kwanza dakika 9, mwalimu mwenzake 11, mwanafunzi wake wa zamani 4, jirani 6, katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa 7, na msemaji wa ukoo 10. Jumla ni dakika 47. Kwa mwendo wa pole wa msibani, tukikadiria maneno 100 kwa dakika, hayo ni maneno 4,700. Yanatakiwa yaingie kwenye 150. Kwa hiyo kati ya kila maneno 31 yaliyosemwa, litabaki moja.

Hesabu hiyo inakwambia mapema kwamba hapa hutafupisha hotuba moja moja. Ukijaribu kumpa kila msemaji sentensi zake mbili kwa usawa, utapata orodha ya sifa. Unachofanya ni kuchagua mambo manne au matano tu na kuyasimulia vizuri, na mengine yote kuyaacha.

Sikiliza rekodi nzima mara moja bila kuandika. Katika usikilizaji huu wa kwanza unatafuta mahali ambapo watu walinyamaza, walicheka au walipiga vigelegele, kwa maana mkutano wenyewe ulikuwa unakuonyesha palipo na uhai. Mara ya pili andika, na kando ya kila jambo weka dakika na sekunde lilipotajwa, mfano “jirani, 31:20”. Alama hiyo itakuokoa baadaye mtu atakapouliza: “Hivi kweli alisema hivyo?” Panapokuwa na upepo au jenereta, punguza kasi ya sauti na usikilize kwa spika za masikioni. Kuwa mwangalifu hasa na tarakimu. Kwenye rekodi yenye kelele, “sabini na nne” na “sabini na nane” hufanana mno, na kosa la aina hiyo likishachapwa halifutiki.

Kisha anza kukata. Zinazotoka kwanza ni salamu na itifaki: Bwana Yesu asifiwe, itifaki imezingatiwa, mimi sina mengi, wasemaji waliotangulia wameshasema. Zinafuata zile sifa zinazomfaa marehemu yeyote: alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mchapakazi, mwenye upendo. Hazikusemwa kwa uongo. Tatizo lake ni kwamba ukilifuta jina la mwalimu huyu ukaweka la mtu mwingine, sentensi inabaki vilevile. Kipimo changu ni hicho hicho kwa kila mstari: je, maneno haya yangeweza kuwekwa kwenye kadi ya msiba mwingine bila mtu kushtuka? Kama yangeweza, yaondoke.

Tuchukue maneno ya jirani, kama yalivyotoka kinywani:

“Bwana Yesu asifiwe. Bwana Yesu asifiwe tena. Mimi kwa kweli sina mengi. Huyu mama, jamani, huyu mama nimeishi naye jirani tangu nimeolewa pale, mwaka tisini na moja, sijawahi kugombana naye. Alikuwa mtu wa watu. Ee… siku ile mume wangu amelazwa, nimerudi saa nne usiku, nikakuta taa inawaka kwangu. Nikasema, nani? Naingia, nakuta watoto wameshakula, wameoga, wamelala, yeye amekaa pale mezani anasahihisha madaftari. Hakusema kitu. Akasema tu, ‘Haya, umefika, nakwenda.’ Akachukua madaftari yake akaondoka. Basi. Mungu amlaze mahali pema.”

Mwandishi wa haraka ataandika: “Jirani alimkumbuka kama mama mkarimu aliyependa kusaidia wenye shida.” Maneno tisa, na yote ni kweli, lakini yule mama ameshatoweka. Huoni taa, huoni madaftari, na hulisikii lile “nakwenda” la mtu asiyesubiri kushukuriwa. Sasa linganisha na hili:

“Usiku mmoja, mume wa jirani yake akiwa amelazwa, jirani alirudi saa nne na kukuta watoto wake wameshakula, wameoga na wamelala, naye Mwalimu amekaa mezani anasahihisha madaftari. ‘Haya, umefika, nakwenda,’ akasema, akaondoka.”

Tumetumia maneno yasiyozidi 35, na humo hamna neno hata moja la sifa. Msomaji anaiona sifa mwenyewe.

Angalia pia jinsi nilivyotumia alama za kunukuu. Ndani yake nimeweka yale tu yaliyosikika kwenye rekodi, neno kwa neno. Mengine nimeyasimulia kwa maneno yangu nje ya alama. Ingekuwa rahisi kumwandikia jirani sentensi nadhifu, kama vile “Nilirudi kutoka hospitali usiku wa manane,” lakini hakusema hospitali, wala saa nne si usiku wa manane. Mtu akiona ndani ya alama za kunukuu maneno ambayo hakuyasema, atajiona amewekewa maneno mdomoni siku ya msiba wa rafiki yake, na ana haki ya kukasirika.

Lugha ya kusema ina mitego yake inapohamia kwenye karatasi. Mtego wa kwanza ni wakati. Mwana wa kwanza alisema mama yao kila jioni aliwauliza, “Leo umejifunza nini?” kisha akaongeza, “Juzi nimejikuta namuuliza mwanangu.” Ile “juzi” ilikuwa juzi ya siku ya mazishi. Kwenye kadi itakayosomwa arobaini, na tena mwaka mmoja baadaye, haina maana. Vivyo hivyo “hapa”, “leo hii” na “huyu mama”, ambazo ziliegemea jeneza lililokuwa mbele ya macho ya watu. Zigeuze au uziache.

Mtego wa pili ni sauti. Mwalimu mwenzake alisema: “Alikuwa mkali, jamani, hata sisi walimu tulimwogopa!” Kwenye rekodi unasikia mkutano mzima ukicheka, na waliokuwapo walielewa kuwa ni sifa. Karatasi haina kicheko. Ukichapa sentensi hiyo peke yake, mjukuu ambaye hakumfahamu bibi yake atasoma kwamba alikuwa mtu wa kuogopwa. Dawa yake ni kurudi kwenye rekodi na kutafuta tukio alilolitaja msemaji huyohuyo kueleza ukali ule. Alikuwa amesema kwamba kengele ya asubuhi ilimkuta mama huyu ameshasimama mlangoni mwa darasa, hivyo wenzake waliona aibu kuchelewa. Hilo ndilo la kuandika.

Mtego wa tatu ni wa undugu, nao ndio wenye hatari kubwa. Kwetu mtu humwita mama mkubwa au mama mdogo wake “mama yangu”, na humwita mtoto wa dada yake “mwanangu”. Kwenye rekodi sauti inasema “mama yangu alinisomesha”, nawe unaandika “mwanawe wa tatu anakumbuka”. Kumbe ni mtoto wa mdogo wake marehemu. Umeongeza mtoto kwenye familia, tena kwa maandishi, katika kipindi ambacho huenda mirathi inajadiliwa. Kwa kila msemaji uliza familia: huyu ni nani kwa marehemu, na yeye mwenyewe angependa atambulishwe vipi?

Baada ya hapo kuna kuhakiki. Wasemaji wa msibani husema kwa kumbukumbu, na kumbukumbu hupishana. Mwana alisema mama alifundisha miaka 36. Mwalimu mwenzake alisema “arobaini na ushee”, kisha akasema alianza “wakati wa UPE”. Kauli kama hiyo haikupi mwaka. Azimio la Musoma, lililohimiza elimu ya msingi kwa wote, lilitolewa mwaka 1974, lakini lengo la kuwafikia watoto wote liliwekwa kwa mwaka 1977, na watu huita miaka hiyo yote “wakati wa UPE”. Usichague tarehe inayokupendeza, wala usitafute wastani. Omba barua ya ajira na barua ya kustaafu. Katika mfano wetu zinaonyesha 1974 na 2010, na hapo miaka ni 36. Pasipo karatasi yoyote, andika kwa namna isiyodai usahihi usio nao: “alifundisha kwa zaidi ya miaka thelathini”. Majina ya watu na ya vijiji yaandikwe kama wenyewe wanavyoyaandika, kwa kuuliza, maana masikio hayajui kama jina lina “h” au halina.

Yapo pia yaliyosemwa kweli, yakasikika wazi, na bado hayaingii. Msemaji wa ukoo katika mfano wetu alitumia sehemu ya dakika zake kumi kugusia mpaka wa kihamba usiokubaliwa na pande mbili. Mwana alieleza hatua za mwisho za ugonjwa kwa undani, akilia. Kusemwa mbele ya watu siku ya mazishi si ruhusa ya kuchapwa. Mtu aliyezungumza akiwa na uchungu hakujua kwamba maneno yake yatawekwa sebuleni kwa watu mia tatu. Ugonjwa, madeni, ugomvi wa ardhi na ahadi za michango zikae kwenye rekodi. Shukrani za msemaji wa ukoo hazipotei, kwa kuwa zinahamia ukurasa wa pili, mahali pake hasa.

Hivyo ndivyo dakika 47 zinavyofika hapa:

“Mwalimu alianza kufundisha mwaka 1974, akastaafu mwaka 2010. Mwalimu mwenzake anakumbuka kuwa kengele ya asubuhi ilimkuta ameshasimama mlangoni mwa darasa, hata wenzake wakaona aibu kuchelewa.

Mwanafunzi wake mmoja aliacha shule akiwa darasa la tano ili achunge mbuzi. Mwalimu alikwenda kwao jioni, akamwambia baba yake: ‘Mbuzi nitakutafutia mtu. Huyu kesho namtaka shuleni.’ Mtoto huyo sasa ni muuguzi.

Usiku mmoja, mume wa jirani yake akiwa amelazwa, jirani alirudi saa nne na kukuta watoto wake wameshakula, wameoga na wamelala, naye Mwalimu amekaa mezani anasahihisha madaftari. ‘Haya, umefika, nakwenda,’ akasema, akaondoka.

Alitunza fedha za kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka tisa. Siku alipokabidhi, daftari lilisomwa mbele ya wanachama na kila shilingi ikaonekana.

Kila jioni aliwauliza watoto wake: ‘Leo umejifunza nini?’ Mwanawe wa kwanza sasa humuuliza mwanawe swali hilo.”

Hayavuki maneno 130, na yanaingia ukurasa wa A6 bila kubanana. Mpangilio haukufuata nani alizungumza wa kwanza wala nani mkubwa kwa cheo. Umetoka kazini ukaenda kwa jirani, kwa kikundi, ukaishia nyumbani, ili mtu mmoja aonekane akitembea katika siku zake. Tarehe zimetajwa mara moja tu, mwanzoni. Na mtu anayesoma anaweza kugundua kitu ambacho hakuna msemaji hata mmoja aliyekitaja: yule mama alikuwa na tabia moja kila mahali, ya kufika mapema, kumaliza kazi na kuondoka. Hilo linapatikana ukiwasikiliza wote sita pamoja, na ndiyo sababu kazi hii inafaa kufanywa na mtu mmoja aliyesikiliza rekodi yote. Ikigawanywa kwa kamati, kila mtu na msemaji wake, jambo hilo halionekani.

Ukurasa wa shukrani una kanuni yake. Usitaje watu binafsi. Taja makundi: madaktari na wauguzi waliomhudumia, viongozi wa dini, kwaya, majirani, wafanyakazi wenzake, vikundi, ndugu waliosafiri kutoka mbali. Ile kauli ya “si rahisi kumshukuru kila mmoja kwa jina” imezoeleka kwa sababu nzuri, kwani jina moja likisahaulika huumiza kuliko majina hamsini yaliyotajwa yanavyofurahisha.

Kabla ya kuchapa, kuna watu wa kusomewa. Mpigie simu kila uliyemnukuu au kumsimulia, umsomee mistari yake tu, na umuulize mambo mawili: ndivyo ilivyokuwa, na unaridhia iwekwe? Jirani anaweza kukwambia kwamba mume wake hapendi kulazwa kwake kutajwe. Hapo utaandika “usiku mmoja jirani yake akiwa na mgonjwa”, na hadithi itabaki salama. Kisha wasomee familia maandishi yote kwa sauti, wakiwamo wazee wasiosoma. Mzee akisikia ndipo hukumbuka kwamba mtoto wa pili aliyefariki akiwa mchanga naye huhesabiwa. Mwombe mtu mmoja tu wa familia awe mwenye neno la mwisho. Wakiwa watano, kila mmoja ataongeza sifa moja, na itifaki yote uliyoifuta itarudi kwa mlango wa nyuma.

Panga siku zako kwa kuhesabu kutoka arobaini kurudi nyuma. Mchapaji huhitaji siku kadhaa, na baada ya kupanga kurasa atakutumia nakala ya mfano kwenye simu. Usiidhinishe kwa kuiangalia kwenye kioo kidogo. Mwombe akuchapie moja kwenye karatasi, ikunje, uisome kwa kidole, neno kwa neno, ukianza na jina na miaka kwenye ukurasa wa mbele, kwa kuwa hapo ndipo kila mtu hudhani mwenzake ameshahakiki. Kwa hiyo maneno yawe yamekamilika ifikapo siku ya thelathini. Juma la kwanza baada ya mazishi waache watu wapumzike, kisha anza kusikiliza.

Kama msiba uko mbele na mazishi bado, kuna jambo moja linaloweza kurahisisha yote haya. Mkabidhi mtu mmoja kazi ya kurekodi, aweke simu karibu na spika na mbali na jenereta, na aanze faili jipya kwa kila msemaji, akitaja mwanzoni jina lake na uhusiano wake na marehemu.

Na kadi ikishagawiwa, rekodi isifutwe ili kupata nafasi kwenye simu. Umechagua neno moja katika kila maneno 31. Yale mengine 30 yana sauti za watu, na baadhi yao nao ni wazee. Nakili faili hizo mahali pawili tofauti, ziandike majina na tarehe, na uikabidhi familia kabla hujaiona kazi yako imekwisha.